Koili inapopita kwenye uga wa sumaku: mkondo unaelekea wapi?

Swali la koili ya mraba inayovutwa kupita kwenye uga wa sumaku hupoteza alama nyingi, na hesabu si kosa lake. Wengi hupata volti sawasawa, kisha hukosea mwelekeo, kwa sababu wamekariri kwamba mkondo unaozalishwa "hupinga uga". Haupingi uga. Unapinga badiliko la fluksi, na kuna nyakati ambapo kupinga badiliko maana yake ni kuusaidia uga uliopo.

Tuchukue koili yenye mizunguko 50, kila upande mita 0.10, ukinzani wake omu 2.0. Inavutwa kwenda kulia kwa kasi isiyobadilika ya mita 0.50 kwa sekunde. Mbele yake kuna eneo lenye upana wa mita 0.30 ambalo uga wake ni tesla 0.40, ukielekea ndani ya karatasi. Nje ya eneo hilo hakuna uga.

Kabla ya kugusa fomula, chora grafu ya fluksi kwa muda. Hesabu muda tangu ubavu wa mbele unapogusa mpaka wa eneo. Koili huingia yote kwa sekunde 0.2, na fluksi ya kila mzunguko hupanda kutoka sifuri hadi 0.40 × 0.10 × 0.10, yaani weba 0.004. Kuanzia sekunde 0.2 hadi 0.6 koili nzima imo ndani, fluksi imetulia. Kisha inatoka, na kufikia sekunde 0.8 fluksi imerudi sifuri. Volti hutokana na mteremko wa grafu hii, si kimo chake:

```
ε = −N ΔΦ/Δt
```

Wakati wa kuingia, ukubwa wake ni 50 × 0.004 ÷ 0.2, sawa na volti 1.0, na mkondo ni ampea 0.50. Ukisahau 50 utapata volti 0.02, kosa la kawaida kabisa.

Sasa mwelekeo. Jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Fluksi ya nje inaelekea wapi? Inaongezeka au inapungua? Basi uga wa koili yenyewe, pale ndani ya mraba, unapaswa kuelekea wapi? Wakati wa kuingia, fluksi ya kuelekea ndani ya karatasi inaongezeka, kwa hiyo uga wa koili lazima uje upande wako wewe msomaji. Elekeza kidole gumba cha mkono wa kulia kwako, vidole vingine vikunje: mkondo unazunguka kinyume na mwendo wa saa.

Wakati wa kutoka, uga wa nje bado unaelekea ndani ya karatasi, ila sasa fluksi inapungua. Koili inajaribu kuliziba pengo hilo, hivyo uga wake nao unaelekea ndani ya karatasi, sambamba na ule wa nje, na mkondo unafuata mwendo wa saa. Hapa ndipo aliyekariri "hupinga uga" anapoanguka.

Katikati, fluksi ni kubwa kuliko wakati wowote lakini mkondo ni sifuri. Ubavu wa mbele na wa nyuma wa koili zinakata uga kwa kasi ileile, kila ubavu ukizalisha volti 1.0, lakini ukizunguka koili nzima, volti hizo mbili zinafutana.

Kuna njia ya kujihakikishia ambayo naithamini kuliko kanuni yoyote ya mkono: nguvu na nishati. Wakati wa kuingia, mkondo kwenye ubavu wa mbele unapanda juu, na uga unausukuma kwenda kushoto kwa nguvu ya 50 × 0.40 × 0.50 × 0.10, yaani nyutoni 1.0. Anayevuta anatumia 1.0 × 0.50 = wati 0.50. Joto ndani ya waya ni 0.50² × 2.0, nalo ni wati 0.50. Zimelingana. Ukigeuza mwelekeo wa mkondo, nguvu itaisukuma koili mbele, nayo itaongeza kasi na kupata joto bila yeyote kuivuta. Ukiona hivyo, rudi kwenye swali la pili: aghalabu ulichanganya kuongezeka na kupungua.

Mtahini akiinamisha koili, fluksi huwa BA cos θ, na θ hupimwa kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso wa koili, si kutoka uso wenyewe. Ukiambiwa uso umefanya pembe ya 30° na uga, θ ni 60°. Na akisema waya umekatwa mahali pamoja, volti 1.0 inabaki palepale kati ya ncha mbili, ila hakuna mkondo, kwa hiyo hakuna nguvu ya kuizuia koili wala joto.