Akaunti ya duka imekwama: pa kuanzia kukagua

"Nauza mapazia Kibuye, Kisumu. Nina wafuasi elfu sita Instagram, lakini Reels zangu hazivuki watazamaji mia tatu na hakuna anayeuliza bei. Nimezuiwa, ama shida ni video zangu?"

Dada, la kuzuiwa unaweza kulimaliza leo. Ingia kwenye settings, tafuta Account Status. Ikionyesha kwamba video zako zinaweza kupendekezwa kwa wasiokufuata, basi hujazuiwa. Angalia kwingine.

Shemeji yangu anauza vitanda Nakuru na alikwama hivyo hivyo. Tulifungua Insights za Reels zake kumi za mwisho, moja baada ya nyingine, tukaangalia mambo mawili: watazamaji wangapi ni Non-followers, na mchoro wa watu kuondoka unaporomoka sekunde ya ngapi. Likes hatukuzigusa. Video moja inaweza kukudanganya, lakini zikifanana zote kumi, hapo pana jambo.

Wasiomfuata walikuwa wachache mno. Video ya sekunde 30 ilitazamwa kwa wastani wa sekunde 4. Tulipoirudia tukielewa hilo, sababu ilionekana wazi: sekunde sita za mwanzo ni nembo ya duka na "hamjambo wateja wetu wapendwa". Kitanda kinatokea sekunde ya saba, watu washaenda. Hawakukataa kitanda, hawakukiona kabisa. Tukaondoa salamu. Video mpya ikaanza na droo ya chini ya kitanda ikivutwa, bei imeandikwa juu yake. Mchoro ukaacha kuporomoka mapema, na wasiomfuata wakaanza kuongezeka.

Simu za wateja, hata hivyo, hazikuja. Hapo ndipo tulipofungua Top locations, orodha ya miji wanakotoka wafuasi wake: Nairobi, Mombasa, halafu Nakuru kwa mbali. Wafuasi wengi walikuja wakati wa shindano la kushinda simu. Mtu wa Likoni hana haja na kitanda cha Nakuru, na video ikimfikia anaipita, Instagram nayo inaona imepitwa.

Hakufungua akaunti mpya. Alianza kutaja mahali ndani ya video yenyewe, "tunaleta hadi Lanet, Free Area na Section 58", akaweka Nakuru kama eneo la kila chapisho, na mashindano ya zawadi akayaacha kabisa. Tangazo la kulipia lilikuja mwisho, likilenga Nakuru na viunga vyake pekee. Ukilipia kabla ya kurekebisha mwanzo wa video, unalipa watu waipite. Mabadiliko ya miji huja polepole, kwa sababu wafuasi wa zamani bado wanahesabiwa. Dalili ya mapema ni maswali: mtu akiuliza "mnafika Lanet?", video imempata mteja.

Wewe niandikie hapa mchoro wako unaporomoka sekunde ya ngapi, na Kisumu iko nafasi ya ngapi kwenye Top locations. Nikiona hayo mawili nitakuambia uanze na mwanzo wa video ama na wafuasi.