Keri ya jumla iliyopita

Wadogo zangu, wiki hii nimekagua saketi tatu za kujumlisha biti moja moja, na zote tatu zina kosa lilelile nililowahi kulifanya mimi. Mimi sikuwa na wa kunionya. Nyinyi mnaye, basi someni.

1. Biti ndogo huingia kwanza. Aliyeanza na kubwa akageuze rejista zake ndipo arudi hapa.

2. Keri ifutwe kati ya neno na neno. Hapa ndipo nilipoungua. Adda yangu ilikuwa ya biti 8, yenye flipflopu moja tu ya keri. Majaribio yote yalipita, kwa sababu nilikuwa nariseti kabla ya kila jaribio. Kwenye bodi, 5 + 3 ikawa 9. Mara nyingine 8. Nikashuku waya, nikashuku saa, hata bodi nzima nikaibadilisha (chekeni tu). Siku ya pili ndipo nikaanza kuandika kila jumla iliyotangulia ile 9, nikaona zote zimepita 255. Chukueni 200 + 100: rejista inabaki na 44, na keri ya 1 imejikalia ndani ya flipflopu. Biti ya kwanza ya 5 + 3 inapofika, inaikuta humo. Basi jibu likizidi kwa moja, na kila mara baada ya jumla iliyofurika, msihangaike na waya.

Nikarekebisha kwa haraka: nikaifuta keri kwenye pigo la biti ya kwanza ya neno jipya. 5 + 3 ikawa 7! Flipflopu hubadilika pigo linapoisha, kwa hiyo keri ya zamani ilikuwa imeshajumlishwa, na niliyoifuta ni ile mpya, iliyo halali. Mahali pake ni pigo la mwisho la neno lililotangulia:

```
always @(posedge clk)
  if (rst || last) c <= 1'b0;
  else c <= (a & b) | (c & (a ^ b));
```

3. Mkitaka kujua kama jumla imefurika, someni keri inayotoka kwenye adda katika pigo hilohilo la mwisho. Likishapita, imekwenda.

4. Kwenye kutoa, geuzeni biti za `b` na keri ianze na 1 badala ya 0.

5. Msiseme biti 32 ni mara 32 polepole. Mapigo ni 32, kweli, lakini kila pigo linavuka adda moja tu, hivyo saa inaweza kwenda kasi kuliko pale keri inapopita ngazi 32 kwa mpigo mmoja. Na yule aliyeongeza pigo la 33 kwa ajili ya kufuta keri tu, nimemwona. Arudi namba 2.