Umetuma kwa simu, kompyuta haina habari

Barua pepe uliyoituma kwa simu ikikosekana kwenye folda ya Sent ya kompyuta, usikimbilie kuituma tena. Mara nyingi ilifika tangu jana. Kilichopotea njiani ni nakala tu.

Hapa Lamu kazi ya kutatua tatizo hili huniangukia zaidi kwa watu wa nyumba za wageni, kwa sababu wao hujibu barua popote walipo: gatini, sokoni, ndani ya boti. Mfano mzuri ni wa dada mmoja mwenye nyumba Shela. Alimjibu mgeni bei ya vyumba kwa simu akiwa Mokowe anasubiri boti. Mgeni alipowasili, kijana wa ofisini akafungua laptopu, akatafuta jibu lile kwenye Sent, hakuliona. "Dada, hii haikwenda," akasema. Mgeni akatoa simu yake akawaonyesha barua, bei na tarehe zote zimo. Ndipo nilipoitwa.

Watu wengi hudhani kutuma na kuweka nakala ni kitendo kimoja. Ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina njia yake. Kutuma hufanywa kwa SMTP: simu inaikabidhi seva barua, seva inaipeleka kwa mwenyewe, basi. SMTP haijui Sent ni nini. Baada ya hapo programu ya simu hurudi kwenye seva kwa mlango mwingine, IMAP, na kupakia nakala ya barua ileile katika folda itakayochaguliwa. Ni sawa na kumpa nahodha barua aifikishe Mombasa, halafu urudi ofisini ufungue jalada uweke kopi. Nahodha akifika salama, haina maana kwamba jalada lako limejazwa.

Aliyezoea Gmail hushangaa zaidi. Seva ya Gmail hujiwekea nakala yenyewe kila barua inapopitia kwake, kwa hiyo hata programu ikizembea, Sent inajaa. Siku mtu anapohamia anwani yenye jina la biashara yake, iliyokodiwa kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, msaada huo kwa kawaida haupo tena. Hapo programu ya simu ndiyo yenye jukumu la nakala.

Sasa, pa kuanzia. Usianze na simu wala kompyuta. Fungua barua pepe kwa kivinjari, kwenye ukurasa wa kusomea barua ambao kampuni ya tovuti ilikupa. Wengi hapa huona programu inayoitwa Roundcube. Ukurasa ule unaonyesha kilichomo kwenye seva hasa, bila kupitia nakala ya kifaa chochote. Itafute barua yako humo. Ikiwa imo ndani ya Sent, simu haina kosa, tatizo liko kwenye kompyuta. Ikiwa imo, lakini ndani ya folda nyingine yenye jina linalofanana, simu na kompyuta hazijakubaliana jina. Na ikiwa haimo kabisa, nakala imebaki ndani ya simu au haikupakiwa.

Kwa dada wa Shela tulikuta folda mbili upande wa kushoto: Sent, na chini yake Sent Messages. Sent Messages ilikuwa na majibu yote ya simu, pamoja na lile la bei. Sent ilikuwa tupu. Kijana alishtuka, maana Sent ya laptopu yake ina barua za muda mrefu. Kumbe barua zile hazikuwahi kufika kwenye seva hata siku moja. Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili kwa mpigo, na ukirekebisha moja tu utadhani dawa haikufaa.

Tulianza na laptopu. Inatumia programu ya barua ya Thunderbird. Ukifungua Account Settings, kisha Server Settings, mstari wa Server Type unasema POP Mail Server au IMAP Mail Server. Ya kwao ilikuwa POP. Hiyo ni njia ya zamani iliyoundwa kwa mtu mwenye kompyuta moja: inashusha barua zilizoingia, na kazi yake imeishia hapo. POP haina folda. Inaijua Inbox ya seva peke yake, haiwezi kuona Sent ya seva hata ikiwa imejaa, wala haiwezi kupeleka kitu huko. Sent unayoiona kwenye kompyuta ya POP ni jalada lililo ndani ya diski ya kompyuta hiyo. Unaweza kubadilisha mipangilio ya simu mpaka usiku, kompyuta hiyo haitaona kilichotumwa na simu.

Thunderbird haikubali kugeuza akaunti ya POP kuwa ya IMAP. Inabidi uongeze akaunti mpya ya anwani ileile kando ya ile ya zamani, safari hii ukichagua IMAP, kwa kawaida mlango 993 na SSL/TLS. Lakini kabla ya hapo, izuie ile ya POP isiendelee kushusha barua: kwenye Server Settings zake ondoa alama ya kuangalia barua programu inapofunguka na ile ya kuangalia kila baada ya dakika kadhaa. Tazama pia Leave messages on server. Kama haina alama, POP imekuwa ikifuta barua kwenye seva kila ikizishusha, na hiyo ndiyo sababu simu za watu wengine huonekana hazina barua za zamani.

Akaunti mpya ikishafunguka, chagua barua za Sent ya zamani, bonyeza kulia, chagua Copy To, uzipeleke kwenye Sent ya akaunti mpya. Zipeleke kwa mafungu, maana kila moja inapandishwa kwenye seva kwa bando lako. Ukiwa na viambatisho vingi, fanya usiku au nenda mahali penye mtandao wa uhakika. Hakikisha kwa kivinjari kwamba zimefika, ndipo uifikirie akaunti ya zamani. Mimi huwa sishauri kuifuta upesi. Na siku ya kuiondoa, Thunderbird itakuuliza kama unataka kufuta na barua zenyewe, Remove message data. Hapo soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kisha tukaingia kwenye simu. Ya dada ni aifoni. Programu yake ya barua hujitengenezea folda ya Sent Messages pale ambapo seva haijaitambulisha folda yake ya barua zilizotumwa. Outlook nayo ina desturi ya kuita Sent Items. Kwenye seva fulani utakuta INBOX.Sent. Hakuna aliyekosea, kila programu ina mazoea yake. Tangu 2011 kuna kanuni, RFC 6154, inayoiruhusu seva itie alama ya \Sent kwenye folda yake ili programu zote ziitambue bila kubahatisha jina, ila si seva zote zinaitumia, na akaunti iliyowekwa zamani huweza kubaki na chaguo lake la zamani.

Kwenye aifoni ingia Settings, sehemu ya Mail, fungua akaunti yenyewe, kisha Advanced, halafu Sent Mailbox. Utaona makundi mawili: folda zilizomo kwenye simu, na folda zilizo chini ya On the Server. Tuligusa Sent iliyo chini ya On the Server. Hapa soma kichwa cha kundi, usisome jina la folda peke yake, kwa sababu ukichagua iliyo kwenye simu nakala hazitatoka humo. Barua za zamani tulizihamisha kwa kivinjari kutoka Sent Messages kwenda Sent.

Kwenye laptopu tukathibitisha upande wa pili: Account Settings, Copies & Folders, mahali pa kuchagua nakala iwekwe wapi, ielekezwe Sent ya akaunti mpya ya IMAP. Mtu asiyeiona folda ya seva kwenye orodha, abonyeze kulia jina la akaunti achague Subscribe, aitie alama. Folda huwa ipo, ila programu haijaambiwa iionyeshe.

Jaribio ni jepesi. Dada akajitumia barua fupi kwa simu, tukaangalia Sent ya laptopu. Ikatokea. Kijana akatuma moja kwa laptopu, ikaonekana kwenye simu. Ukifanya jaribio hili, litume na kifaa kimoja baada ya kingine, kwa sababu upande mmoja kufaulu hakuthibitishi wa pili.

Limebaki jambo moja ambalo mipangilio haiwezi kulimaliza, na visiwani tunalijua vizuri. Kwa kuwa barua hupanda mara mbili, mara ya kutumwa na mara ya nakala, mtandao unaweza kukatika katikati. Chukua orodha ya bei ya PDF yenye MB 6. Kiambatisho kinapofungwa kwa ajili ya barua pepe huongezeka kama theluthi, kwa hiyo kinakuwa karibu MB 8. Kutuma ni MB 8, nakala ni MB 8 nyingine. Boti inaondoka Mokowe, ya kwanza inafika, ya pili inakwama. Thunderbird huonyesha onyo kwamba barua imetumwa lakini nakala haikuwekwa, na kukupa nafasi ya kujaribu tena. Kwenye simu usitegemee onyo la wazi namna hiyo. Utalijua tatizo hili kwa sura yake: barua fupi zote zimo kwenye Sent, zinazokosekana ni zile zenye picha na PDF. Ikiwa hata fupi hazimo na mipangilio ni sahihi, angalia nafasi ya kisanduku kwenye seva. Kikijaa, seva inakataa nakala ingawa inaendelea kutuma, na barua za wageni nazo zinaanza kurudishwa.

Kwa barua za bei na za makubaliano nilimshauri dada ajiweke mwenyewe kwenye Bcc anapotuma akiwa njiani. Nakala hiyo hairudi kupanda kwa simu, seva ndiyo inayoiingiza kwenye Inbox yake pamoja na kumpelekea mgeni. Kijana huihamishia Sent akifika ofisini. Akiniuliza kwa nini asifanye hivyo kwa kila barua, jibu langu ni kwamba Inbox itamjaa, na yeye tayari ana wageni wa kutosha humo wanaosubiri majibu.