Uliyakariri vizuri mno, ndiyo maana ukaganda

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia: "Nimekariri mazungumzo yote ya wanaoanza. Kujitambulisha, kuagiza chakula, kuuliza njia. Mhudumu akaniuliza swali moja tu, nikaganda. Nimekosea wapi?"

Dada yangu, hujakosea peke yako. Ngoja nikusimulie ya kwangu, maana bado yananiuma.

Nilipokuwa najifunza Kifaransa, kwenye igizo dhima la kuuliza njia mimi ndiye niliyeitwa mbele kuwaonyesha wengine. Sentensi yangu ilikuwa inateleza kama mafuta. Ikafika siku ya kuitumia. Nikamsimamisha mama mmoja, nikamwuliza stesheni iko wapi, bila kigugumizi hata kidogo. Hapo ndipo nilipojiponza. Kwa matamshi yale alidhani lugha naijua, akanimwagia maelezo kwa mwendo wake wa kila siku. Katika maneno yote yale nikadaka moja tu, "drua". Nikashukuru kwa adabu zote, nikakata kulia.

Sasa sikia mtego wenyewe. Kwa Kifaransa, "moja kwa moja" inasikika kama "tu drua". "Kulia" inasikika kama "a druat". Mwishoni pana t moja tu, na ndiyo iliyonikosesha treni. Niliposimulia darasani walicheka wote, na mwalimu akiwemo. Hakuna aliyesema kwamba igizo letu lenyewe lilikuwa bovu. Mwenzangu alipokuwa akinielekeza, nilikuwa nalijua jibu lake tangu jana yake. Sikuwa namsikiliza, nilikuwa nangoja zamu yangu ya kusema.

Hapo ndipo penye shida. Kuuliza njia ni sentensi moja, na unaichagua wewe. Jibu anachagua mwingine. Igizo ambalo kila mmoja anajua mwenzake atasema nini linafundisha ile nusu iliyo rahisi.

Mimi na mwenzangu mmoja (hakuwemo kwenye kicheko, ndiyo maana nilimchagua) tukaanza upya. Tulichora ramani moja ya mitaa mara mbili. Yake ilikuwa na majina yote. Kwenye yangu tulifuta sehemu 3: stesheni, duka la dawa na benki. Kabla ya kila igizo alizihamisha sehemu hizo kwenye ramani yake bila mimi kuona. Tukaketi tumepeana migongo, kwa sababu mkiangaliana mtaonyeshana kwa vidole, na kidole hakina lugha. Mimi nauliza, yeye anaelekeza, na siruhusiwi kuweka alama kabla ya kumrudishia maneno yake:

— Samahani, stesheni iko wapi?
— Nenda moja kwa moja, kisha mtaa wa pili kata kushoto.
— Moja kwa moja, mtaa wa pili, kushoto?
— Ndiyo. Iko mkabala na benki.
— Na benki iko upande gani?

Swali hilo la mwisho halikuandikwa popote. Nililiuliza kwa sababu kwenye ramani yangu benki haikuwepo. Tukimaliza tunalinganisha ramani. Alama ikiwa mahali pasipo pake, hatuanzi upya. Tunatafuta ni neno lipi lilipotea njiani. Kisha tunabadilishana nafasi.

Na wewe fanya hivyo kwenye chakula. Kadi yako iseme: unataka supu, huli nyama. Kadi ya mhudumu, ambayo usiione, iseme: supu yote ina nyama, ila mboga zipo. Sasa lazima aseme kitu usichokitarajia, nawe lazima ujibu. Tayarisha sentensi 2 za kujiokoa, "Sijaelewa, rudia polepole" na "Unasema nyama au mboga?" Ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu inamlazimisha mtu achague neno ambalo tayari unalijua. Kwenye kujitambulisha hapana mengi: taja jina, kisha mwenzako akuulize jambo moja lisilo kwenye kadi yako. Watu wengi huishia kwenye jina halafu wanatabasamu tu. Acheni hiyo tabia, nawaambia kila siku!

Ila msijidanganye kama sisi. Ramani zetu zilianza kulingana kila mara, tukajiona mabingwa, kumbe wote wawili tulikuwa tunaimeza ile t na kukisia kwa mazoea. Wanaoanza wawili huelewana kwa makosa yaleyale. Tulijua siku tulipomwomba mzungumzaji wa lugha aturekodie maelekezo 6, matatu ya kulia na matatu ya moja kwa moja, yamechanganywa. Nilipata 2. Tulirudia rekodi ileile, tukianza na vipande vya maneno mawili kabla ya sentensi nzima, hadi nikawa naingoja t kabla ya kunyanyua mguu.