Re: Hii -n ya Kiesperanto ni ya nini

"Hii -n mwishoni ni ya nini hasa, mbona Kiswahili hatuna na tunaelewana tu?"

Ndugu, sisi tunategemea mpangilio. Ukisema "mbwa kamng'ata paka" ukageuza majina, maana nayo inageuka, ila Kiesperanto "la hundo mordas la katon" na "la katon mordas la hundo" ni kitu kilekile, anayeng'atwa ni mwenye -n, paka, popote utakapomweka.

Sasa lijenge neno: lern- ni kujifunza, weka -ej- ya mahali, halafu -o ya nomino, unapata lernejo, shule. Wingi -j, -n inakaa mwisho kabisa: "mi vidas lernejojn", naona shule (nyingi). Sifa nayo inafuata, "grandajn lernejojn", hapo ndo watu wengi wanasahau.

Ila usiifananishe na -ni yetu. Sisi "yuko shuleni" na "kaingia shuleni" ni neno lilelile, wao "en la lernejo" yumo ndani tayari, "en la lernejon" ndo anaingia. Na baada ya estas, yaani "ni", usiweke -n kabisa, "ĝi estas lernejo" basi, maana hapo hakuna anayetendwa.