Maswali yenu: Kunyoosha misuli kabla ya kukimbia

Kocha, tangu shuleni naambiwa nisiponyoosha misuli kabla ya kukimbia nitaumia. Ni kweli?

Hapana, na jambo hili limepimwa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wapya 1,538 wa Australia. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipasha mwili joto, ila kundi moja liliongezewa kunyoosha misuli sita mikuu ya miguu, kila msuli sekunde 20. Baada ya wiki 12 za mafunzo, idadi ya walioumia haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilichotofautisha watu ni utimamu wa mwili: aliyefika kambini akiwa dhaifu wa pumzi ndiye aliyekuwa hatarini zaidi.

Ukitazama majeraha yetu wakimbiaji utaelewa kwa nini. Goti, muundi, kano ya kisigino, hata ufa mdogo kwenye mfupa, hayo yote huja polepole, pale mzigo wa mazoezi unapozidi kasi ya mwili kujijenga upya. Kusimama umeshika kidole cha mguu hakupunguzi mzigo huo hata kilo moja.

Basi nifanye nini kabla ya kutoka?

Kama unakwenda kukimbia taratibu, anza taratibu zaidi. Kilomita ya kwanza iwe ndiyo ya kupashia mwili.

Siku ya mbio za kasi ndiyo inayohitaji maandalizi. Kimbia polepole dakika 10 mpaka jasho jepesi likutoke, kisha uingie kwenye mazoezi ya mwendo: bembeza kila mguu mbele na nyuma mara 10, piga hatua ndefu 10 ukishusha goti karibu na ardhi, halafu kimbia mita 20 ukipandisha magoti. Malizia kwa mikimbio minne ya mita 80, kila mmoja ukiongeza kasi kidogo kidogo. Kosa ninaloliona sana ni mtu kurusha mguu juu kwa nguvu mwili ukiwa bado baridi. Mbembeo wa kwanza uwe mdogo, ukue wenyewe.

Nimesikia kunyoosha kwa kutulia kunapunguza nguvu. Niache kabisa?

Inategemea unatulia kwa muda gani. Msuli ukishikiliwa chini ya sekunde 60, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 1 tu. Ukizidisha hapo, upungufu hukaribia asilimia 5. Kwa hiyo sekunde 20 au 30 zikifuatwa na mazoezi ya mwendo hazikuharibii kitu.

Ila kama umezoea kunyoosha miaka yote, usikatize ghafla. Katika utafiti wa Marekani wenye wakimbiaji zaidi ya 2,700, walionyoosha na wasionyoosha waliumia kwa kiwango kilekile, lakini waliozoea kunyoosha kisha wakaambiwa waache waliumia zaidi.

Kisigino kinauma kila asubuhi, pale kano inaposhika mfupa. Nilitoka kilomita 20 kwa wiki hadi 38 ndani ya wiki tatu, nikaongeza vilima. Kila siku nanyoosha kigimbi ukingoni mwa ngazi, kisigino kikining'inia, lakini maumivu yanazidi.

Dada, hapo dawa yenyewe ndiyo inayokuumiza. Kisigino kikishuka chini ya ukingo wa ngazi, kano hubanwa dhidi ya mfupa palepale panapouma. Unavuta, na wakati huohuo unakandamiza. Chanzo kilikuwa kuruka kutoka 20 hadi 38, na vilima vikaongeza mbano uleule.

Acha kunyoosha huko. Rudi kwenye kilomita 20, njia tambarare. Kila baada ya siku moja, simama sakafuni na upande kwa vidole vya miguu yote miwili: sekunde tatu kupanda, tatu kushuka, mara 15, seti tatu. Ikiwa rahisi, hamia mguu mmoja, kisha vaa begi lenye uzito. Maumivu madogo wakati wa zoezi, hadi 3 kati ya 10, yanavumilika. Hakimu wako ni asubuhi inayofuata: kisigino kikikaza kuliko jana, punguza. Jipe wiki 12, kwa sababu kano hujengeka polepole mno kuliko msuli.

Mwenye maumivu katikati ya kano, sentimita chache juu ya kisigino, asichukue jibu hili kama lake. Yeye kushusha kisigino chini ya ngazi taratibu humfaa mara nyingi. Na yeyote aliyesikia kitu kikikatika ghafla nyuma ya mguu, akashindwa kusimama kwa vidole, aende hospitali siku hiyohiyo.