Fonti gani, na saizi ndogo kabisa iwe ngapi?

"Slaidi za ukumbi mkubwa: nitumie fonti gani, na saizi isishuke chini ya ngapi? Skrini ina kimo cha mita 2, safu ya mwisho iko mita 20."

— 24 inatosha popote, mkuu.

— Kanisani kwetu tunaweka 60, ila sisi ni nyimbo tu.

— 24 ingetosha kama skrini ingekuwa kubwa zaidi. Kwa mita 20, herufi ndogo kama "a" iwe na kimo cha sentimita 6 au 7 pale ukutani. Slaidi ya kawaida ina pointi 540 kwenda juu, kwa hiyo hapo inatoka kama 36. Hiyo ni kwa Verdana, ambayo herufi zake ndogo ni nene na ndefu; Calibri ongeza hadi 40. Calibri Light achana nayo, projekta hafifu huimeza.

Safu ya mwisho ni mara 10 ya kimo cha skrini. Basi pima kimo cha slaidi kwenye kompyuta yako: kikiwa sentimita 17, simama mita 1.7 usome.

— Na lebo za grafu je?

— Hizo ndizo kichwa kinauma. Mimi huzipunguza idadi.